Kioo cheusi wiki ya Krismasi: kisa cha draiva ya grafiksi mjini Moshi

## Usuli

Mteja ni mama mwenye duka la steshenari mjini Moshi. Jina lake, mtaa na chapa ya laptopu nimeviacha, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha. Dukani ana mashine ya fotokopi, printa mbili za rangi, na laptopu moja inayobeba kazi yote ya kubuni: kadi za harusi, vijitabu vya ibada ya mazishi, mabango ya misa za shukrani. Desemba ndiyo mavuno yake. Watu waliotawanyika nchi nzima wanapanda mlimani kula sikukuu nyumbani, na kila ukoo unajipangia shughuli zake humo humo.

Laptopu yenyewe ni ya mtumba na inatumia Windows 11. Alinunuliwa na mpwa wake anayeishi Dar es Salaam, na mpwa huyo ndiye aliyeiwasha mara ya kwanza, kwa akaunti yake mwenyewe. Jambo hilo lilionekana dogo mpaka tulipolifikia.

Ina chipu mbili za grafiksi: moja imo ndani ya prosesa, nyingine iko peke yake, ile ambayo vijana huiita "ya gemu". Kwenye laptopu nyingi za aina hii, kioo kimeunganishwa na chipu ya ndani ya prosesa. Ile yenye nguvu huchora kazi nzito, kisha humpa mwenzake picha aipeleke kwenye kioo. Hilo nalo ningelikumbuka mapema ningejiokolea nusu saa.

## Ilivyoanza

Kijana anayemsaidia dukani aliona programu ya kusanifu inakwama kwama. Akapakua programu moja ya bure inayojinadi kwamba inatafuta draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuendesha vifaa, zilizopitwa na wakati na kuzibadilisha zote kwa kubofya mara moja. Akabofya. Kioo kikapepesa mara mbili, kikawa cheusi. Akasubiri, akaizima kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, akaiwasha tena. Nembo ikaja, vidoti vikazunguka, kisha giza. Baada ya dakika tatu hivi laptopu ikajizima yenyewe na kuanza upya: nembo, vidoti, giza. Ikazunguka hivyo mchana kutwa.

Fundi wa kwanza aliyeitazama alisema kioo kimekufa, akataja bei ya kioo kipya. Mama akaona bei hiyo inamaliza faida ya wiki nzima, akanipigia.

"Fundi, shikamoo za baadaye, njoo kwanza," alisema, ingawa ni mimi niliyepaswa kumwamkia. Kulikuwa na kadi 200 za harusi ya Jumamosi ndani ya laptopu hiyo, na ilikuwa Jumanne.

## Nilichopima kabla ya kushika bisibisi

Swali la kwanza halikuwa "kwa nini ni nyeusi" bali "inakuwa nyeusi wakati gani". Nembo ya mtengenezaji ilionekana vizuri. Vidoti vilionekana vizuri. Giza lilikuja pale ambapo Windows inaacha kuchora kwa njia ya msingi, ile isiyohitaji draiva ya mtengenezaji wa chipu, na kuikabidhi kazi draiva yenyewe. Kioo kilichokufa hakichagui muda namna hiyo.

Nikaendelea kuthibitisha. Kioo kikiwa cheusi nilibonyeza Caps Lock, taa yake ikawaka na kuzima kila nilipobonyeza. Kwa hiyo mashine ilikuwa hai. Nikabonyeza `Win + Ctrl + Shift + B`, vitufe vinavyoiamuru Windows iianzishe upya draiva ya grafiksi. Ikalia mlio mfupi, kioo kikabaki giza. Nikamulika kioo kwa tochi ya simu kwa ubavu, maana taa ya nyuma ya kioo ikifa picha huonekana hafifu kwa mbali. Hapakuwa na kitu. Mwisho nikaingia kwenye biosi, ile menyu ya mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, na kuiacha wazi dakika kumi huku nikinywa chai. Picha haikutikisika. Kioo kizima, kebo nzima.

Hapo nikamwambia mama asinunue kitu. Sikumwahidi kwamba itapona siku hiyo, na nilifanya vizuri kutoahidi.

## Kuingia hali salama, na namba 48

Hali salama, ile ambayo kioo huandika `Safe Mode` kwenye pembe zake nne, huiwasha Windows bila draiva ya grafiksi ya mtengenezaji. Picha inakuwa kubwa na mbaya, lakini unaona. Tatizo ni kuifikia. Kile kitufe cha F8 tulichokizoea enzi za Windows 7 hakifanyi kazi kwa kawaida kuanzia Windows 8. Na njia ya kushikilia Shift huku ukibofya `Restart` inahitaji uone unachobofya.

Inabaki njia ya kuikatisha. Windows ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, mara ya tatu hufungua yenyewe menyu ya matengenezo. Kijana alikuwa ameizima kwa nguvu zaidi ya mara kumi na menyu haikuja, kwa sababu alikuwa anasubiri giza ndipo azime. Kufikia hapo Windows imeshahesabu kwamba imewaka salama. Hata ile ya kujizima yenyewe haikuhesabiwa, kwa kuwa ilitokea zaidi ya dakika mbili baada ya kuwaka. Nilikatisha mapema: vidoti vikianza tu kuzunguka nashikilia kitufe hadi inazima. Mara mbili. Ya tatu ikaandika kwamba inaandaa matengenezo.

Kutoka hapo nilipita `Advanced options`, `Troubleshoot`, `Advanced options` tena, `Startup Settings`. Ndipo kioo kikageuka bluu kikadai ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, tarakimu 48.

Mama akaniangalia. "Hiyo namba ya siri mimi sijawahi kuiona, baba."

Hakudanganya. Laptopu nyingi za Windows 11 zikiwashwa mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft, diski hujifunga kwa siri na ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Akaunti ilikuwa ya mpwa, na mpwa alikuwa kwenye basi anakuja kula Krismasi, ndiyo kwanza wanaiacha Korogwe. Tukampigia. Nikamwelekeza afungue `aka.ms/myrecoverykey` kwenye simu na atafute ufunguo ambao kitambulisho chake kinaanza na herufi nane zilizoonyeshwa kwenye kioo chetu, kwani alikuwa na kompyuta tatu kwenye akaunti ile. Data ilikuwa inakatika, kutuma picha kukashindikana, basi akanisomea kwa sauti.

Kusomewa namba kwa simu ndani ya basi kuna hila yake, kwa sababu "sita" na "tisa" zinafanana mno sikioni. Kuna kipimo kimoja kinachosaidia. Ufunguo una mafungu manane ya tarakimu sita, na kila fungu hugawanyika kwa 11 bila kubaki kitu. Tuseme umesikia 319096: ukigawa kwa 11 unapata desimali, kumbe ilikuwa 316096, ambayo inatoa 28736 kamili. Nilikagua mafungu yote kwa kikokotoo cha simu, nikakuta mawili yamekosewa, nikamwomba ayarudie hayo tu. Ufunguo ukakubali mara ya kwanza.

Kwenye orodha iliyofunguka nikachagua namba 4, ambayo ndiyo hali salama. Kuingia, PIN ya mama ikakataliwa ikatakiwa nywila ya akaunti, kwa hiyo mpwa akasumbuliwa tena. Saa kumi jioni nilikuwa ndani.

Kabla sijagusa draiva nilichomeka fleshi nikanakili folda ya kazi za wiki hiyo. Fleshi husomeka vizuri katika hali salama. Nilitaka kadi za Jumamosi ziweze kuchapwa kwenye kompyuta yangu kama mambo yangeharibika zaidi, na mama akapumua.

## Kurudisha draiva, na kosa langu

Nikafungua `devmgmt.msc`, orodha ya vifaa vya kompyuta, nikapanua `Display adapters`. Majina mawili. Nikamuuliza kijana ni ipi aliyoibadilisha.

"Ile ya gemu, broo. Ndiyo ilikuwa inakwamisha."

Nikamwamini. Bofya kulia, `Properties`, kichupo cha `Driver`, `Roll Back Driver`. Kitufe kilikuwa hai, Windows ikaniuliza sababu, nikachagua moja, nikawasha upya. Nembo, vidoti, giza.

Alikuwa amebofya "badilisha zote", na zote zilikuwa mbili. Niliporudi katika hali salama (mkatisho mara mbili, tarakimu 48 upya, sasa nimeziandika), nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo: kusoma mistari ya `Driver Date` na `Driver Version` kwenye zote mbili. Ile ya ndani ya prosesa, inayolisha kioo, ilikuwa na tarehe mpya kuliko vitu vyote vilivyomo ndani ya laptopu. Nikairudisha nyuma hiyo. Nikawasha. Nembo, vidoti, kisha picha ya ukuta ya Mlima Kilimanjaro na saa.

Inafaa kujua kitufe hicho kinafanya nini, kwa sababu kuna siku utakikuta kimefifia hakibonyezeki. Windows ikiweka draiva mpya haifuti ya zamani. Kifurushi chake hubaki kwenye `C:\Windows\System32\DriverStore`, na `Roll Back Driver` huirudisha kutoka hapo bila intaneti wala kupakua kitu. Ndiyo maana njia hii inafaa hali salama, ambako huduma ya kuweka programu mara nyingi haiwaki na visakinishi vingi hugoma. Lakini mtu akiendesha `Disk Cleanup` na kuweka tiki kwenye `Device driver packages`, vifurushi vya zamani hufutwa na kitufe hufifia. Hapo unachagua `Uninstall device`, unaweka tiki ya kuondoa draiva yenyewe, na laptopu inawaka kwa draiva ya msingi ya Windows, picha mbaya lakini ipo. Kisha unatafuta draiva kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa laptopu kwa namba ya modeli iliyobandikwa chini yake.

Nilifunga mkoba saa kumi na mbili na nusu. Nilipokea malipo yangu. Laiti ningekaa nusu saa zaidi.

## Asubuhi ya pili

Jumatano saa mbili kasoro simu inaita. "Imerudi kuwa nyeusi."

Mama alikuwa ameondoka nayo nyumbani usiku, akaiwasha amalizie kadi, ikawa nzima, akalala. Asubuhi ni giza. Hakuna aliyebofya kitu.

Safari hii, nilipoingia tu hali salama, sikwenda kwenye kitufe. Nilikwenda kwenye daftari. Windows huandika kila draiva inayowekwa, saa iliyowekwa na programu iliyotoa amri, ndani ya faili moja la maandishi. Faili ni refu mno kusoma lote, kwa hiyo nilichuja mistari ya muda na ya amri:

```
findstr /c:"Section start" /c:"cmd:" C:\Windows\INF\setupapi.dev.log
```

Mistari ya mwisho ilionyesha 21:48, yaani saa tatu na dakika arobaini na nane usiku, na kwenye `cmd:` ilikuwa njia ya ile programu ya bure ya kijana. Ilikuwa imejiweka miongoni mwa zinazowaka pamoja na Windows, ikaona draiva "ya zamani" niliyoirudisha, ikaibadilisha kimya kimya.

Kwa nini sikuiona Jumanne? Kwa sababu hali salama haiwashi programu za kuanzia. Mhalifu alikuwa amelala muda wote nilipokuwa natengeneza, na akaamka nilipoondoka.

Nikarudisha draiva tena, nikawasha kawaida, na kabla ya kuunganisha intaneti nikaiondoa programu ile. Kisha nikafuta kile kifurushi kibovu kwenye ghala la draiva, kisije kikachaguliwa tena. Kwanza unaorodhesha vya grafiksi, unatazama tarehe, unapata jina lake linaloanza na `oem`:

```
pnputil /enum-drivers /class Display
pnputil /delete-driver oem37.inf
```

Namba 37 ilikuwa ya laptopu hii. Yako itakuwa nyingine. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, na usiongeze `/force`. Bila neno hilo amri hugoma kufuta kifurushi kinachotumika, na kugoma huko ndiko kunakokulinda ukikosea namba.

Mwisho nikaizuia Windows Update nayo isilete draiva. Safari hii haikuwa na kosa, ila sikutaka kurudi mara ya tatu. Toleo la Home halina `gpedit.msc`, kwa hiyo niliandika moja kwa moja kwenye rejista:

```
reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v ExcludeWUDriversInQualityUpdate /t REG_DWORD /d 1 /f
```

Amri hii haizuii programu nyingine kuweka draiva, inazuia Windows Update peke yake. Na inazuia za vifaa vyote: printa mpya ikinunuliwa, draiva yake itabidi iwekwe kwa mkono. Nilimwambia mama hivyo na kumwandikia kijana.

## Matokeo

Kadi 200 zilichapwa Alhamisi mchana. Laptopu niliitazama tena baada ya sikukuu: tarehe za draiva zote mbili zilikuwa zile zile nilizoziacha. Kukwama kwa programu ya kusanifu, ambako ndiko kulikoanzisha yote, kulitokana na diski iliyojaa, ikiwa imebakiwa na jigabaiti mbili. Draiva haikuwa na hatia tangu mwanzo.

## Uchambuzi

Kilichookoa pesa ya mama ni kuuliza giza linaingia lini. Nembo inaonekana, biosi inaonekana, giza linakuja baada ya vidoti: hiyo ni draiva mpaka ithibitike vinginevyo. Giza likiwepo tangu unapobonyeza kitufe, au biosi nayo haionekani, hali salama haitakusaidia na fundi wa kioo ana haki ya kusikilizwa. Fundi wa kwanza hakuwa tapeli. Hakuingia kwenye biosi tu.

Kosa langu la kwanza, la kumsikiliza kijana badala ya kusoma tarehe, lilinigharimu nusu saa na kuirudisha nyuma draiva ya gemu ambayo haikuwa na shida. Niliiacha hapo hapo ilipo, kwa kuwa inafanya kazi na hakuna kazi ya dukani inayoihitaji mpya.

La pili ni zito zaidi. Nilitibu draiva bila kuuliza imeingiaje. `setupapi.dev.log` ilikuwa pale tangu Jumanne, inasomeka hata ndani ya hali salama, na ingenionyesha jina la programu kwa dakika mbili. Badala yake nilichukulia kwamba kijana alibofya mara moja na mambo yakaishia hapo.

Kuhusu sababu ya draiva mpya kugoma: kila kifaa kina utambulisho mrefu unaotaja mtengenezaji wa chipu (`VEN`), aina ya chipu (`DEV`) na laptopu ambamo chipu imewekwa (`SUBSYS`). Unaupata kwenye kichupo cha `Details`, chini ya `Hardware Ids`. Kifurushi kilichowekwa na ile programu kililingana na sehemu mbili za kwanza tu, yaani kilikuwa cha chipu kwa ujumla. Kile cha zamani kilitaja na `SUBSYS` ya laptopu hii. Mara nyingi draiva ya jumla hufanya kazi vizuri. Kwenye laptopu ambayo mtengenezaji ameweka mipangilio yake ya kioo, ndipo unapokutana na giza la namna hii.

Uamuzi ambao ningeurudia bila kufikiri ni kunakili kazi kabla ya kugusa chochote. Na ule ufunguo wa tarakimu 48 sasa umeandikwa kwa mkono wa mama kwenye daftari la michango ya harusi, ukurasa wa mwisho, bila maelezo yoyote. Nilimuuliza kwa nini hapo. Akasema hilo ndilo daftari pekee ambalo hakuna mtu dukani anayethubutu kulipoteza.